Pingili Mbili za Gumba

Msomaji wa viganja anayeijua kazi yake haanzi na mistari. Hulishika gumba kwanza. Hulisukuma nyuma aone linakubali kiasi gani, hulitazama kwa ubavu, kisha hulilaza kando ya kidole cha shahada aone ncha yake inafika wapi. Likifika katikati ya pingili ya chini ya kidole hicho, ni gumba la kawaida. Likizidi, mwenye nalo ataambiwa ni mtu wa kuongoza, na likipungua, wa kuongozwa.

Halafu huzipima pingili. Ile ya juu, yenye ukucha, ni nia: kuamua na kushikilia ulichoamua. Ya pili ni mantiki, yaani kupima jambo kabla ya kulitenda. Nyama nene iliyo chini yake huitwa kilima cha Zuhura, nayo huhesabiwa kama pingili ya tatu ya mapenzi na uhai, ingawa mifupa ya gumba lenyewe ni miwili tu na huo wa tatu uko ndani ya kiganja. Pingili mbili zikikaribiana urefu, nia na akili zimepatana. Ya juu ikizidi, mtu hutenda kabla ya kufikiri. Ya pili ikizidi, hufikiri mpaka soko likafungwa.

Mpangilio huu haukuanzia kwetu. Wahindi walikuwa na usomaji wao wa kale wa mwili na mikono, lakini hesabu hii ya nia na mantiki ilienezwa Ulaya katika karne ya 19 na mwanajeshi Mfaransa, Casimir Stanislas d'Arpentigny, kisha ikauzwa duniani kote na vitabu vya Mwairishi aliyejiita Cheiro, aliyefariki mwaka 1936. Huku Meru mkono uliokuwa na uzito ulikuwa wa kushoto wa Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mkono wa baraka uliofichwa ndani ya vazi. Bernardo Bernardi aliandika habari za Mugwe katika kitabu chake cha mwaka 1959. Nguvu ya mkono ule ilitokana na cheo, wala haikuhitaji rula.

Lakini rula ndiyo inayolitatiza somo la gumba. Chukua mfano wa mwanamke anayefunga vibunda vya miraa pale Makutano, Meru. Tukunje kidogo gumba lake la kulia na kulipima upande wa kiganja, tukifuata mikunjo ya ngozi. Kutoka ncha ya nyama, bila ukucha, hadi mkunjo wa kwanza tupate milimita 32, na kutoka hapo hadi mkunjo wa chini tupate 30. Nia imeizidi mantiki: huyu ni mtu wa pupa. Sasa tugeuze mkono tupime upande wa mgongo, tukifuata vifundo. Pingili ya juu inatoa 33, ya pili 38. Mantiki imeizidi nia: huyu ni mtu wa kusitasita. Gumba ni lilelile, na dakika ni ileile.

Tofauti hiyo ina sababu. Mikunjo ya ngozi haikai juu ya viungo kikamilifu, na upande wa kiganja ngozi inayoliunganisha gumba na mkono humeza sehemu ya pingili ya pili. Mfupa wenyewe wa pingili ya pili, kwa watu karibu wote, ni mrefu kuliko wa juu. Kinachoifanya ya juu ionekane kulingana nayo ni nyama iliyo mbele ya mfupa. Kwa hiyo anayesema pingili zimelingana anasema zaidi kuhusu mahali alipoanza kupimia kuliko kuhusu tabia ya mtu. Wasomaji wengi, kwa kweli, hawapimi. Wanakadiria kwa jicho, na jicho hilo tayari limekwisha kukusikia ukizungumza.

Kunyumbulika nako kuna somo lake. Gumba linalopinda nyuma kwa urahisi husomwa kuwa la mtu mkarimu, mwepesi wa kubadili mawazo na wa kutumia pesa. Lililokakamaa ni la mtu mgumu, mwenye siri, asiyeshawishika. Hapa ndipo usomaji huonekana kupatia. Mzee wa miaka sabini akinyoosha gumba gumu kama mpini, na kila mtu nyumbani anajua ni mbishi, nani atakataa? Ila viungo hupungua ulegevu kadiri umri unavyosogea, baridi yabisi huvikakamaza zaidi, na wanawake kwa wastani wana viungo vilegevu kuliko wanaume. Somo la gumba gumu kwa sehemu kubwa ni kukisia umri na jinsia, halafu kuyapa makisio hayo jina la tabia. Madaktari nao hulisukuma gumba mpaka kwenye mkono wa mbele, lakini wanachotafuta ni ulegevu wa viungo vya mwili mzima, ambao huweza kuleta maumivu na kuteguka mara kwa mara.

Lililoonewa kuliko yote ni gumba fupi lenye ncha pana na ukucha mpana kuliko urefu wake. Vitabu vya kiganja vililiita gumba la muuaji: nia yote, mantiki hakuna. Ni umbile la kurithi, ambapo mfupa wa pingili ya juu huacha kukua mapema. Wengine wanalo upande mmoja tu, na sijaona msomaji aliyeeleza mkono upi utatenda jinai. Upana wa ncha, isitoshe, ni sifa ya binadamu. Mifupa ya mkono iliyopatikana Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1960, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ilikuwa na ncha pana ya gumba. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, mtu stadi wa mikono, kwa kuamini kwamba ndiye aliyechonga zana za mawe za pale.

Kuna punje ya kweli chini ya makapi haya. Wasomaji wa zamani waliona kwamba mtoto mchanga hulificha gumba ndani ya ngumi, na kwamba mtu aliyepoteza fahamu zake huweza kulikunja vivyo hivyo. Waliona vizuri, wakaeleza vibaya. Gumba lina eneo kubwa katika sehemu ya ubongo inayoendesha mwili, kwa hiyo ubongo au neva zikidhurika, mara nyingi mwendo wake hubadilika. Umbo halibadiliki. Mtoto aliyepita miezi kadhaa na bado gumba limebanwa ndani ya ngumi, hasa upande mmoja, anapaswa kuonwa na daktari. Aliyepata kiharusi pia huweza kubaki na gumba lililokunjwa kiganjani.

Hata pingili ya nia ina kipimo chake cha kweli. Unganisha ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada ufanye duara. Msuli unaoikunja pingili ya juu uko kwenye mkono wa mbele, na huendeshwa na tawi la neva linalopita humohumo. Tawi hilo likibanwa au likiumia, duara halitokei: pingili za juu za vidole vyote viwili hubaki zimenyooka, zikagusana kwa nyama bapa badala ya ncha, hata mwenye mkono akikaza nia namna gani. Hali hiyo ikitokea ghafla, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.