Kupima Wasifu wa Karani wa Mapokezi: Simu, Ratiba na Taipu

Siku hizi vikundi vyetu vingi vimekua hadi kuwa na ofisi, na ofisi inahitaji mtu wa kukaa mezani pale mbele. Mnabandika tangazo, na baada ya wiki mbili mnapata bahasha 40. Sasa kamati inakaa chini ya mwembe na kila mtu anashika karatasi. Mmoja anasema, "Huyu ameandika vizuri." Mwingine anasema, "Huyu ni wa kwa mzee fulani, namjua." Jua likizama mmechagua mtu, lakini hakuna anayeweza kueleza kwa nini ni huyo na si yule.

Hebu tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji wa maziwa, tuseme karibu na Nkubu. Tangazo lao linasema karani atapokea simu za wafugaji, atapanga safari za mtaalamu wa uhimilishaji, yule tunayemwita daktari wa eiai, kwa kalenda ya kompyuta, na atapiga taipu rekodi za maziwa kila siku. Ni mambo matatu tu, na hayo matatu ndiyo ya kupimwa kwenye wasifu, ile karatasi vijana wanayoita sivii. Kama tangazo halikusema kitu, hakina alama. Mkitaka mtu anayesema Kimeru kwa sababu wazee wanapiga simu kwa Kimeru, semeni hivyo kwenye tangazo tangu mwanzo. Msije mkamnyima alama msichana wa Runyenjes baadaye kwa sababu lafudhi yake ni ya Kiembu.

Kwanza amueni kila jambo lina uzito gani, kabla hamjafungua bahasha hata moja. Kwa kikundi hiki simu ina uzito kuliko yote, na sababu inajulikana na kila mfugaji. Ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, ahimilishwe jioni ile. Akionekana jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata. Karani akiandika ujumbe vibaya, au asiulize joto lilionekana saa ngapi, daktari anafika kama wakati umepita. Mwenye ng'ombe atangoje siku kama 21 nyingine, huku akilisha ng'ombe ambaye hajashika mimba. Basi tuseme simu izidishwe mara 4, ratiba mara 3, taipu mara 3.

Kila jambo lipewe alama kutoka 0 hadi 3, namna hii. Sufuri ni kwamba karatasi haisemi kitu. Moja ni kwamba mwombaji anajisifu tu. Mbili ni kwamba ametaja mahali alipoifanya kazi hiyo. Tatu ni kwamba ameeleza alivyoifanya, na kuna mtu wa kuulizwa au cheti cha kuonyesha. Mtu aliyepata 3 kila mahali atakuwa na alama 30.

Angalieni kwamba hatupimi tabia ya mtu hapa. Tunapima ushahidi ulio kwenye karatasi. Hapo ndipo kamati nyingi hukosea, hasa kwa simu. Sauti haionekani kwenye karatasi. Mtu akiandika "nina adabu nzuri ya simu, mchangamfu, mvumilivu", hayo yanaandikwa na kila mtu, pamoja na yule anayefoka. Mpeni 1. Lakini akiandika kwamba alipokea simu katika ofisi ya daktari, akiandika jina la mpigaji, namba, saa na shida yake kwenye daftari, na kumpigia tena kama hakupata jibu, huyo amekuonyesha kazi yenyewe. Mtu ambaye hajawahi kuketi karibu na simu ya ofisi hajui kuandika habari ya kupiga tena.

Kwa ratiba, msiangalie jina la programu pekee. Tangazo limesema kalenda ya kompyuta, na wengine wataandika Google Calendar au Excel kwa sababu waliziona chuoni. Hiyo ni 1. Swali la maana ni kama amewahi kupanga wakati wa mtu mwingine, wakati huo ukavurugika, akaupanga upya. Aliyetumia daftari la miadi la karatasi kwa madaktari wawili, na kuhamisha wagonjwa mmoja wao alipoitwa kwa dharura, ana ujuzi wenyewe, hata kama hajagusa kalenda ya kompyuta. Kwa kuwa tangazo lilitaja kompyuta, hawezi kupata 3, lakini 2 anastahili. Programu atafundishwa kwa siku chache. Kujua kwamba daktari wa eiai hawezi kuwa Igoji na Githongo saa ile ile si jambo la programu.

Sasa taipu. Hapa watu hudanganywa na mwendo. Mwombaji anaandika "maneno 65 kwa dakika" na kamati inashangilia. Ulizeni, na makosa je? Katika kupima taipu, neno moja huhesabiwa kuwa mabonyezo 5, pamoja na nafasi. Mtu akibonyeza mara 1,000 kwa dakika 5, amepiga maneno 200, yaani 40 kwa dakika. Kama maneno 10 kati ya hayo yana makosa, usahihi wake ni asilimia 95.

Rudini ofisini kwenu muone maana yake. Tuseme kila siku karani anaingiza rekodi za wafugaji 40, na kila rekodi ina vitu vitano: namba ya mwanachama, jina, kilo za asubuhi, kilo za jioni na tarehe. Hivyo ni vitu 200. Mwenye usahihi wa asilimia 98 ataacha makosa kama 4 kwa siku. Mwenye asilimia 90 ataacha 20. Na kosa la namba halijionyeshi kama kosa la neno. Ukipiga "mazwa" badala ya "maziwa" kila mtu anaona. Ukipiga 0471 badala ya 0417, hakuna anayeona mpaka mwisho wa mwezi, wakati mama mmoja amelipwa maziwa ya jirani yake. Kwa vitu 200 kwa siku mwendo wa 25 unatosha kabisa. Kwa hivyo wasifu unaotaja mwendo bila usahihi upate 1.

Cheti kinasaidia. Mitihani ya taipu ya Baraza la Mitihani la Kenya imekuwa na ngazi tatu, na matangazo ya kazi za ukatibu serikalini yamezoea kutaja maneno 30 kwa dakika kwa ngazi ya I, 40 kwa ya II na 50 kwa ya III. Mtihani wa kompyuta umekuja mahali pa ule wa mashine. Angalieni ngazi, na pia mwaka. Cheti cha zamani cha mtu ambaye hajagusa kibodi tangu hapo kinasema alivyokuwa, na bado atajaribiwa.

Haya, tupime watatu. Wa kwanza ametoka chuo, karatasi yake imepigwa chapa vizuri na ina picha. Anasema ana adabu bora ya simu, anajua kalenda ya kompyuta, na anapiga maneno 65. Hakuna mahali alipofanya kazi. Simu 1, ratiba 1, taipu 1. Ukizidisha, 4 na 3 na 3, jumla 10.

Wa pili ameandika kwa mkono. Alikaa miaka miwili mapokezi kwa madaktari mjini Embu. Ndiye yule wa daftari la simu na madaktari wawili, na ameweka namba ya msimamizi wake. Taipu hakuitaja. Simu 3, ratiba 2, taipu 0. Yaani 12 na 6 na 0, jumla 18.

Wa tatu alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa. Ana cheti cha ngazi ya II, na ameeleza kwamba kila jioni alilinganisha alichopiga na kitabu cha mizani kabla ya kufunga. Simu amesema alipokea pale kiwandani, basi. Kalenda ya kompyuta ameitaja kwa jina tu. Simu 2, ratiba 1, taipu 3. Yaani 8 na 3 na 9, jumla 20.

Je, wa tatu amepata kazi? La. Alama 2 kati ya 30 ni kidogo sana. Mpimaji mwingine angeweza kuzibadilisha kwa kusoma sentensi moja tofauti. Tena ile sufuri ya wa pili haisemi kwamba hajui taipu. Inasema hakuandika. Karatasi imemaliza kazi yake hapo: imewaonyesha wawili wa kuita, na imewaonyesha cha kuwauliza kila mmoja.

Wapigieni simu bila kuwatayarisha. Mmoja wenu ajifanye mfugaji mwenye haraka: "Ng'ombe wangu anapanda wenzake, mleteni daktari!" Kisha sikilizeni. Je, aliuliza jina, kijiji, namba ya mwanachama, na joto lilionekana saa ngapi? Je, alirudia namba ya simu kabla ya kukata? Halafu siku ya mahojiano mpeni kila mmoja ukurasa ule ule wa rekodi za maziwa, apige kwa dakika 5, na mhesabu namba zilizokosewa. Hapo sufuri ya wa pili itapata jibu, na ile 2 ya simu ya wa tatu pia.

Kuhusu undugu, kuna njia ndogo inayosaidia. Katibu afunike majina na picha, aandike namba 1, 2, 3 juu ya kila karatasi. Wawili wapime kila mtu peke yake, bila kuzungumza, halafu walinganishe. Wakitofautiana kwa alama moja, sawa. Wakitofautiana kwa mbili kwenye jambo moja, wasome tena mstari ule kwa sauti, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole neno lililompa alama hiyo. Asiyeweza kuonyesha neno, alama yake haisimami. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 pia inakataza kumbagua mwombaji kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu au mimba, kwa hivyo hayo yasionekane popote kwenye karatasi ya alama.

Karatasi za alama ziwekwe kwenye faili, ili aliyekosa akija kuuliza aonyeshwe zake. Na zile sivii zenyewe zina namba za vitambulisho na za simu za watoto wa watu. Zifungiwe kabatini, na zisiozohitajika tena zichomwe. Kuna mahali nilifungiwa mandazi kwa ukurasa wa pili wa wasifu wa mtu, na namba ya msimamizi wake ilisomeka vizuri kabisa.