Kabla ya Kuandika Barua ya Kazi, Nenda Ukaone

Leo tunazungumzia barua ya kuomba kazi, hasa zile siku mbili tatu kabla hujaiandika.

Tuchukue mfano. Uko kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kwenye ubao wa matangazo kituo cha afya kinatafuta mhudumu wa afya ya jamii. Barua nyingi zitasema: “Mimi ni mchapakazi, ninaihitaji sana kazi hii.” Ni kweli, lakini msimamizi anayezisoma hapati kujua atasaidiwa nini akikuchukua wewe.

Basi anza na tangazo lenyewe. Lisome mara mbili ukitafuta sharti lisilo la kawaida. Tuseme limeandikwa “ajue Kirundi na Kiswahili”. Sharti hilo halikuwekwa bure. Huenda kuna mahali lugha inakwamisha kazi. Na kama tangazo limebandikwa kwa mara ya pili, inawezekana walioomba mwanzo walikosa kitu hicho hicho.

Sasa ukajue ni mahali gani. Nenda asubuhi siku ya kliniki ya wajawazito, ukae wanapokaa watu wote. Usichungulie kadi ya mtu wala usiulize ugonjwa wake. Zungumza na mama anayetoka kliniki, na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na kiongozi wa eneo lenu. Waulize wote swali moja: “Hapa huwa kunakwama nini?”

Mmoja akilalamika peke yake, huenda ana ugomvi wake na muuguzi. Lakini wote watatu wakikwambia kwamba akina mama wanaojua Kirundi tu hawaelewi tarehe ya kurudi, hapo umepata jambo. Bado uliza: mkalimani hayupo? Kama yupo kila siku ya kliniki, basi shida iko kwingine, endelea kutafuta.

Ukishahakikisha, barua yako ianze na jambo hilo:

“Ninaishi jirani na akina mama wengi wanaozungumza Kirundi tu. Baadhi yao wameniambia hawaelewi siku ya kurudi kliniki. Mimi ninazungumza Kirundi na Kiswahili, na ninaweza kuwapitia nyumbani siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.”

Umeona? Barua haikumlaumu muuguzi yeyote, maana huenda anayeisoma ndiye bosi wake. Wala haikusema “akina mama wote”, kwa sababu hukuzungumza na wote. Kuhusu elimu yako na kazi ulizofanya nyumbani, mistari michache inatosha baada ya hapo.

Angalizo moja: akitokea mtu anayetaka pesa ili akupe habari za ndani au nafasi yenyewe, usimpe. Habari hizi unazipata bure, kwa miguu yako.

Ukiitwa kwenye usaili, jiandae kuulizwa: “Hayo uliyajuaje?” Eleza ulikaa wapi na ulizungumza na watu wa aina gani, bila kutaja jina la mama hata mmoja.