Maswali Yasiyojibiwa Kwenye Ukurasa wa Mshindani

Ukaguzi wa kurasa za mshindani mtandaoni ni usomaji wa mpangilio wa yale anayoyaweka Instagram, Facebook au TikTok, pamoja na yale ambayo wateja humwandikia chini yake. Lengo ni kupata mambo mawili: maudhui ambayo wateja wanayataka na hawayapati, na nafasi ambayo hakuna mfanyabiashara mwingine aliyeishika. Kutembeza kidole kwenye simu hakutoshi. Kazi inahitaji daftari au jedwali, na saa chache za utulivu.

Mfano wa kubuni wa karakana ya samani iliyoko Keko, Dar es Salaam, utaonyesha hatua zake. Karakana hiyo hutengeneza sofa na vitanda, na huuza kwa wateja wanaoiona kwanza Instagram.

Hatua ya kwanza ni kuchagua washindani, na watatu wanatosha kuanzia. Mshindani wa kweli ni yule ambaye mteja humlinganisha na karakana kabla ya kutoa fedha, wala si lazima awe mwenye wafuasi wengi kuliko wote. Duka kubwa linaloagiza samani kutoka nje huenda lina wafuasi maelfu, lakini wanunuzi wake ni wengine. Njia rahisi ya kuwajua washindani ni kuwauliza wateja watano au sita wa karibuni walikopitia kabla ya kuagiza.

Hatua ya pili ni kuandika. Kwa kila mshindani huchukuliwa posti 30 za mwisho, na kila moja hupewa mstari wake kwenye jedwali: tarehe, aina yake (picha au video), inahusu nini, inaahidi nini, imetazamwa mara ngapi pale idadi inapoonekana, wateja wameuliza nini, na kama wamejibiwa. Stori hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo hufuatiliwa kila siku kwa wiki moja. Matangazo ya kulipia yana mahali pake: Meta ina maktaba ya wazi, `facebook.com/ads/library`, ambako mtu yeyote anaweza kuandika jina la ukurasa akaona matangazo unayoyarusha wakati huo na tarehe yalipoanza. Tangazo lililokaa hewani miezi kadhaa ni dalili kwamba mwenye nalo anaona faida yake, ingawa si uthibitisho.

Namba ndizo hupotosha wakaguzi wengi. Idadi ya wafuasi haisemi kitu kikubwa, kwani wengine ni wa zamani na wengine walifuata kwa sababu ya zawadi. Wastani nao hudanganya. Ikiwa video 29 za mshindani zimetazamwa mara 600 kila moja, na moja ikatazamwa mara 40,000, wastani utapita 1,900, ingawa hakuna hata video moja iliyokaribia kiasi hicho. Kipimo salama ni namba ya katikati: video zinapangwa kutoka iliyotazamwa kidogo hadi iliyotazamwa sana, kisha hutazamwa ile iliyo katikati ya mstari. Hapo itaonekana 600. Baada ya hapo, kila posti hulinganishwa na kawaida ya ukurasa wake yenyewe. Iliyopata mara tatu ya kawaida hiyo inastahili kufunguliwa na kusomwa. Pengine mada yake imewagusa watu, pengine imelipiwa, au watu walihimizwa kutaja majina ya marafiki ili washinde zawadi. Komenti ndizo zitakazoonyesha tofauti: palipo na mada nzuri watu huuliza, palipo na zawadi hutaja majina tu.

Hatua ya tatu, yenye utajiri kuliko zote, ni kusoma komenti. Majibu ya mwenye ukurasa huwekwa kando, alama za moyo na pongezi vilevile, na maswali yanayobaki hupangwa kwa makundi bila kunakili majina ya waulizaji. Tuseme karakana ya Keko imepata maswali 240 katika kurasa tatu. Kati yake 118 yanahusu bei, 41 aina ya mbao, 33 usafirishaji kwenda mikoani, 27 muda wa kutengeneza, na 21 mambo mengine. Posti zenyewe, ambazo ni 90, karibu zote ni picha za sofa zilizokamilika. Ahadi nazo zinajirudia: mmoja anajinadi kwa bei nafuu, wa pili kwa mitindo ya kisasa, wa tatu kwa kufikisha mzigo mkoa wowote.

Jambo ambalo washindani hawaliweki si pengo kwa sababu hiyo peke yake. Huenda hawaliweki kwa kuwa hakuna anayelihitaji. Pengo hupita majaribio matatu: wateja wanaliuliza, washindani hawalijibu vya kutosha, na karakana inaweza kulitimiza.

Bei inapita majaribio mawili ya kwanza waziwazi, maana swali hilo kila mara hujibiwa "njoo inbox". Lakini kimya hicho kina sababu. Bei ya sofa hubadilika kwa ukubwa, mbao, sponji na kitambaa, na namba moja ikiwekwa hadharani mteja ataishikilia hata akitaka sofa kubwa zaidi. Kwa hiyo karakana inaweza kutaja bei ya sofa moja iliyo kwenye picha, pamoja na vipimo na vifaa vyake, na kueleza kinachoipandisha au kuishusha.

Swali la mbao lina uzito mwingine. Fremu ya sofa hufichwa na kitambaa, na mnunuzi hawezi kujua kama ndani kuna mninga, mkongo au paina. Anayeuliza aina ya mbao anauliza kama anaweza kumwamini fundi. Washindani wote watatu huonyesha sofa ikiwa imeshafunikwa, na hakuna aliyejinadi kwa kilicho ndani. Hapa pengo la maudhui na nafasi sokoni vinakutana: karakana inaweza kujulikana kuwa ndiyo inayomwonyesha mteja fremu, viungo na sponji kabla kitambaa hakijapigwa. Ikiwa karakana yenyewe huchanganya mbao duni, nafasi hiyo haiifai, kwa sababu video itaiumbua.

Hatua ya mwisho ni kujaribu. Posti sita za fremu huwekwa ndani ya wiki tatu, zikichanganywa na posti za kawaida, kisha hulinganishwa na namba ya katikati ya ukurasa wa karakana. La kuhesabu zaidi ni watu waliopiga simu au kuandika WhatsApp wakitaja video hizo.

Ukaguzi una mipaka yake. Kwa nje haionekani ni mazungumzo gani yanayofanyika inboksi, wala mauzo ni kiasi gani. Ukurasa wenye komenti chache unaweza kuwa unauza sana kupitia wateja wa zamani. Komenti zisizopendeza nazo huweza kufutwa na mwenye ukurasa. Kwa sababu hiyo, yaliyopatikana hulinganishwa na maswali ya wateja wanaofika karakanani, na jedwali hufanywa upya kila baada ya miezi mitatu, kwani pengo likishaonekana kulipa, washindani nao hulijaza.