Ripoti ya Usiku Inaposoma Data Iliyobaki Nyuma

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2018, kwa saa za Afrika Mashariki, matengenezo ya kawaida ya vifaa vya mtandao huko Marekani yalikata mawasiliano ya kituo kimoja kikuu cha data cha GitHub kwa sekunde 43. GitHub ndiko waandishi wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao. Sekunde hizo 43 zilizaa usumbufu wa saa 24 na dakika 11. Hata baada ya seva kuu kurejea mahali pake, nakala nyingi za hifadhidata zilikuwa bado nyuma kwa saa kadhaa, hivyo mtu aliyefungua ukurasa wake aliweza kukuta mambo ya zamani, kutegemea ombi lake lilipelekwa kwenye nakala ipi. Na watu wa Ulaya na Marekani walipoamka na kuanza kazi, maandishi mapya yalimiminika, nakala zikazidi kuchukua muda kuifikia seva kuu.

Mkasa huo ulishuhudiwa na dunia nzima, na kampuni yenyewe ikaueleza hadharani. Katika ofisi nyingi za kawaida tatizo lilelile hutokea kwa dakika arobaini tu, usiku, na kwisha kabla mtu hajafika kazini. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna aliyeliona. Kinachobaki ni ripoti yenye pengo.

Ili kuelewa pengo hilo linavyoingia, ni lazima kwanza kujua kwa nini nakala zipo. Mfumo wenye shughuli nyingi huwa na seva kuu inayopokea kila muamala. Watu wa hesabu nao wanataka ripoti nzito zinazosoma mamilioni ya mistari, na wakizisoma kwenye seva kuu, mteja aliye dirishani anasubiri. Kwa hiyo huwekwa seva ya pili, nakala ya kusomea tu. Seva kuu huandika kila badiliko kwenye kumbukumbu maalumu, na nakala hupokea kumbukumbu hiyo na kurudia mabadiliko yote kwa mpangilio uleule. Hifadhidata ya PostgreSQL imekuwa na utaratibu huu tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010.

Siku nyingi nakala huwa nyuma kwa sehemu ya sekunde tu. Lakini kwa utaratibu wa kawaida seva kuu haiingoji nakala: muamala ukishaandikwa huku, mteja anapewa jibu lake, na nakala itaupata ikifika zamu yake. Isitoshe, kwenye seva kuu watu mia wanaweza kuandika kwa wakati mmoja, ilhali kwenye PostgreSQL kazi ya kuyarudia mabadiliko hayo yote upande wa nakala hufanywa na mchakato mmoja tu. Mmoja huyo akikwama, kila kinachokuja nyuma yake kinasubiri.

Na mara nyingi anayemkwamisha ni ripoti.

Tuseme kuna chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake hulipa marejesho kwa simu. Saa 6:15 usiku, kazi iliyowekwa kwenye ratiba huamka yenyewe, huchota malipo mapya kutoka kwenye nakala na kuyapeleka kwenye ghala la ripoti. Asubuhi maofisa wa mikopo huchapisha orodha ya waliochelewa kulipa na kuanza kupiga simu.

Usiku mmoja mtu wa hesabu anaacha ripoti ya mwaka mzima ikiendelea kwenye nakala ileile. Saa 5:35 usiku inafika amri kutoka seva kuu ya kusafisha matoleo ya zamani ya mistari fulani, matoleo ambayo ripoti ile bado inayahitaji. Nakala iko njia panda: ama ifute mistari na kuivunja ripoti, ama isimamishe mabadiliko yote mpaka ripoti iishe. Muda wa kusubiri hupangwa na `max_standby_streaming_delay`, ambao bila kuguswa ni sekunde 30. Lakini sekunde 30 huua ripoti nyingi, watu hulalamika, na mtaalamu wa mfumo anaongeza muda hadi saa mbili. Huo ni uamuzi unaoeleweka kabisa, na ndio unaofungua mlango wa pengo. Kuanzia saa 5:35 nakala haisogei.

Saa 5:50 usiku, dakika kumi kabla ya mwisho wa siku ya marejesho, mwanachama mmoja analipa kwa simu. Ujumbe wa kupokelewa kwa fedha unamfikia palepale, maana seva kuu imeuandika muamala wake. Saa 6:15 kazi ya kuchota inaamka na kuuliza: nipe malipo yote tangu nilipokuja jana mpaka sasa. Nakala inajibu kwa uaminifu yote iliyo nayo, yaani mpaka saa 5:35. Kazi inaandika kwamba imefanikiwa, kisha inaweka alama yake: “nimeshachota mpaka saa 6:15.”

Hapo ndipo jambo lenye madhara makubwa linapofanyika. Kitendakazi `now()` kwenye nakala hutoa saa ya mashine, na saa hiyo ni sahihi. Kilichochelewa ni data. Usiku unaofuata kazi itaanzia kwenye alama yake, saa 6:15. Malipo ya kati ya 5:35 na 6:15 yatakuwa yameshafika kwenye nakala, lakini hakuna atakayeyauliza tena. Kuchelewa kwa dakika arobaini kumegeuka kuwa upotevu wa kudumu kwenye ghala la ripoti.

Asubuhi ofisa anampigia mwanachama. “Kaka, nimeshalipa jana usiku, ujumbe ninao,” anajibu yeye. Ofisa anafungua mfumo wenyewe na kuyaona malipo. Mtaalamu wa mfumo anaitwa, anapima nakala na kukuta imeifikia seva kuu, maana ripoti ndefu ilimalizika saa 7:00 usiku. Kila kitu anachokipima kinaonyesha uzima. Lawama huishia kwa “mtandao”, na mwezi ujao mambo yanajirudia.

Kupima ucheleweshaji nako kuna mitego. Njia inayotumiwa sana ni kutoa tofauti kati ya saa ya sasa na saa ya muamala wa mwisho uliorudiwa:

```sql
SELECT now() - pg_last_xact_replay_timestamp();
```

Usiku wa manane, seva kuu isipoandika lolote, tofauti hiyo huzidi kukua ingawa hakuna kilichokosekana. Kengele za uongo huja nyingi, na hatimaye mtu huizima kengele. Wengine huilinganisha kumbukumbu iliyopokelewa na nakala na ile iliyokwisha kurudiwa. Mawasiliano na seva kuu yakikatika, viwili hivyo hulingana na nakala huonekana haijachelewa hata kidogo. Watumiaji wa MySQL wana `Seconds_Behind_Source`, nayo huweza kuonyesha 0 pale mtandao unapokuwa mzito, kwa sababu hupima kazi iliyokwisha kuwasili tu.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni rahisi. Kwenye seva kuu huwekwa jedwali dogo lenye mstari mmoja, na kila baada ya sekunde chache saa ya sasa huandikwa humo. Mstari huo husafiri kwa njia ileile ya malipo, kwa hiyo ukisomwa kwenye nakala husema data yake inafika saa ngapi. Kazi ya kuchota husoma mapigo hayo na malipo ndani ya muamala mmoja, ili vyote viwe vya picha moja ya data:

```sql
BEGIN ISOLATION LEVEL REPEATABLE READ, READ ONLY;
SELECT saa FROM pigo WHERE id = 1;
SELECT * FROM malipo
 WHERE updated_at >= :'alama'::timestamptz - interval '1 hour';
COMMIT;
```

Sharti la ripoti ya jana basi linakuwa wazi: pigo liwe limevuka saa sita usiku. Kama kwenye nakala bado linasema 5:35, kazi isubiri dakika kumi na kujaribu tena. Ikifika saa kumi na moja alfajiri bila mafanikio, iseme imeshindwa na kumpelekea mtu ujumbe. Orodha isiyotoka huwaudhi maofisa, lakini orodha pungufu inayotoka kana kwamba imekamilika humfanya mwanachama aliyelipa aitwe mdaiwa, na hilo ni baya zaidi.

Alama inayohifadhiwa nayo iwe ile saa iliyosomwa kwenye pigo, kamwe isiwe `now()`. Kurudi nyuma kwa saa moja, kama inavyoonekana kwenye mfano, kuna sababu yake. Kwenye PostgreSQL `now()` hutoa saa ambayo muamala ulianza, kwa hiyo muamala ulioanza saa 5:58 na kukamilika saa 6:03 utabeba saa ya mwanzo na kuonekana baadaye, nyuma ya alama. Bila kurudia kipande cha nyuma, malipo kama hayo hupotea hata nakala ikiwa na kasi kamili. Mistari itakayochotwa mara mbili haina madhara mradi ghala linaitambua kwa namba ya malipo na kuiandika juu ya ile ya kwanza.

Upo pia mpangilio wa `hot_standby_feedback`, ambao humwezesha msomaji wa nakala kuiomba seva kuu isisafishe mistari anayoihitaji. Hupunguza migongano, ila gharama yake inahamia kwenye seva kuu: mistari iliyokufa hujilimbikiza huko na majedwali huvimba. Kwa taasisi yenye uwezo, ni afadhali ripoti ndefu za mwaka zipewe nakala yao, na kazi za kila usiku ziwe na nyingine yenye muda mfupi wa kusubiri.

Kwa yeyote anayesimamia mfumo wa aina hii, mapengo ya zamani yanaweza kutafutwa leo. Hesabu malipo kwa kila saa, kwa miezi mitatu iliyopita, kwenye seva kuu na kwenye ghala la ripoti, kisha linganisha. Mistari iliyopotea kwa njia hii haitawanyiki ovyo. Hujikusanya kwenye muda unaotangulia saa ya kuchota, usiku uleule wa ripoti ndefu. Ukiikuta, chota upya usiku huo mzima. Na kwa ofisa anayepokea orodha kila asubuhi: omba juu ya ukurasa wa kwanza pachapishwe saa ambayo data yake inafikia, kando ya saa ya kuchapishwa, kabla hujaanza kupiga simu.