Sungura wa Kivuli Anapotoka Kisimani

Sungura wa karatasi ya manila anayeinama kisimani anahitaji viungo viwili tu: shingoni na nyongani. Vipande vipishane sentimita moja hivi, vitobolewe kwa sindano, vifungwe kwa uzi wenye fundo kila upande. Fundo likikaza mno, kichwa hugoma. Likilegea, vipande huachana na mwanga hupenya shingoni.

Kabla ya kuhamia msituni, funga kipimo cha mwanga kwenye kamera, isijiongeze yenyewe giza linapoingia. Kisha msogeze sungura taratibu kuelekea taa iliyo nyuma ya shuka. Kivuli hukua, kingo hufifia, hadi shuka nzima iwe nyeusi. Hapo msaidizi abandue kisima, abandike miti. Sungura akirudishwa karibu na shuka, mtazamaji humkuta msituni bila picha kukatwa.