Ukumbi Uliojazwa kwa Kompyuta: Hukumu ya Kutangaza kwa Picha ya Watu Wasiokuwepo

Shukurani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala mapya yanayowakabili maimamu na kamati za misikiti ni hili: umefanyika muhadhara, watu wamekuja wachache, na picha iliyopigwa inaonesha viti vitupu. Kijana anayejua kompyuta anaijaza picha hiyo watu, ukumbi unaonekana umefurika, na kamati inataka kuitumia kutangazia muhadhara unaofuata. Wapo wanaosema hiyo ni mapambo tu ya tangazo, na wapo wanaosema ni uongo. Tutalitazama suala hili kwa kuanza na namna jambo lenyewe linavyofanyika, kwani wanachuoni wetu wamesema kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Picha hujazwaje?

Mwaka 2023 kampuni ya Adobe iliingiza katika programu yake ya Photoshop chombo kiitwacho Generative Fill, na leo vyombo vya namna hiyo vimo hata katika simu. Mtumiaji hufungua picha, huzungushia mstari sehemu ya viti vitupu, kisha huandika maneno machache, mfano: wanaume waliokaa wakisikiliza. Baada ya muda mfupi programu humletea picha kadhaa achague moja.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watu wale hawakuchukuliwa kutoka picha nyingine. Programu imefundishwa kwa picha nyingi mno, na kutokana nazo inakisia rangi gani ikae wapi ili sehemu ile ifanane na watu waliokaa. Nyuso zile si za mtu yeyote, wala hakuna awezaye kuulizwa, "Je, ulikuwepo siku ile?"

Tuchukue mfano ili suala lieleweke

Tuseme ukumbi una safu 20, kila safu viti 12, jumla viti 240. Siku ya muhadhara walikuja watu 40, wakakaa safu za mbele. Picha ikajazwa, ikaonekana hakuna kiti kitupu. Kisha katibu akaitumia katika mambo matatu: bango la muhadhara wa pili wenye kiingilio cha shilingi 5,000, barua kwa wauza vitabu, kila meza kwa shilingi 100,000, na ombi la msaada kwa tajiri mmoja wa mji.

Sasa tumtazame muuza vitabu. Anaiona picha, anapiga hesabu: katika watu 240, akinunua mmoja katika kila kumi, nitapata wateja 24. Analipa shilingi laki moja. Laiti angeoneshwa picha ya kweli, kwa hesabu hiyo hiyo angeona wateja wanne tu, na huenda asingelipa hata nusu. Picha ile, basi, ndiyo iliyomtoa fedha mfukoni. Hapa tumeshaingia katika mlango wa mauziano, na mlango huo una hukumu zake.

Wanachuoni walilijadili jambo hili kabla ya kompyuta

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza tasriya, nayo ni kumwacha mnyama bila kumkama kwa muda ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kuwa ni mwenye maziwa mengi. Mnunuzi akipewa khiyari: akiridhika atabaki naye, na asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Muuzaji hakusema uongo kwa ulimi wake. Hakutamka kuwa ngamia huyu hutoa kiasi kadhaa. Alikionesha kiwele tu, na kiwele kikasema kwa niaba yake. Kwa hiyo hoja ya katibu kwamba "sisi hatukuandika popote kuwa walikuja watu 240" haimsaidii.

Imam Nawawi, katika Minhaj ambayo wanafunzi wetu wa Kishafii wanaijua vyema, ameliweka pamoja na hili jambo la kuyazuia maji ya mfereji au ya kinu kisha kuyaachia wakati wa kuuza, ili mnunuzi aone kinu kinazunguka kwa nguvu. Hilo nalo linathibitisha khiyari. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali ameutaja mfano huo huo wa kinu. Ama Imam Abu Hanifa hakuona kuwa tasriya ni sababu ya kumrudisha mnyama, lakini hitilafu hiyo ni katika kurudisha bidhaa, si katika kuhalalisha udanganyifu.

Ukumbi uliojazwa kwa kompyuta ni kiwele kilichofungwa na ni maji yaliyozuiliwa. Tofauti ni moja nayo inauzidisha ubaya: maziwa ya kwenye kiwele yalikuwepo kweli, japo ni ya siku kadhaa. Watu wa kwenye picha hawakuwepo kabisa.

Je, haisemwi kwamba kila mtu anajua matangazo yana chumvi?

Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi upande wa pili, na haki yake ni kujibiwa kwa ilmu. Imam Nawawi huyo huyo, baada ya mfano wa kinu, anataja mtumwa aliyepakwa wino katika nguo ili adhaniwe kuwa ni mwandishi. Hapo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, mnunuzi hana khiyari. Sababu yake ni kuwa wino katika nguo ni dalili dhaifu, na mnunuzi alikuwa na uwezo wa kumjaribu kwa kumpa kalamu. Asipofanya hivyo amezembea mwenyewe.

Basi je, picha ya ukumbi ni kama wino au ni kama kinu? Maneno kama "muhadhara mkubwa usiokosekana" ni wino. Kila mwenye akili anajua ni sifa za mtangazaji. Lakini picha ya tukio lililopita ni ushahidi wa tukio hilo, na mtazamaji hana njia ya kurudi siku ile akahesabu vichwa. Hakuzembea, bali aliamini kile ambacho watu kwa ada yao hukiamini. Kwa hiyo picha inafuata hukumu ya kinu. Na hata pale khiyari inapokosekana, dhambi ya mwenye kupaka wino haiondoki.

Ama anayesema, "Nia yetu ni daawa," akumbuke waliozua hadithi za fadhila za sura za Qur'ani. Miongoni mwao ni Nuh bin Abi Maryam, ambaye Ibn as-Salah amemtaja katika Muqaddima yake: alipoulizwa, alieleza kuwa aliwaona watu wameiacha Qur'ani akataka kuwarejesha. Nia aliitaja, na wanachuoni wa hadithi wakamwacha. Anayejaza ukumbi ili watu wapende darasa amepita njia hiyo hiyo, japo si kwa ukubwa wa dhambi ya kumzulia Mtume (s.a.w.).

Namna ya kuitambua picha kama hiyo

Imamu anayeletewa picha aidhinishe bango asitazame nyuso za mbele, kwani hizo mara nyingi ni za watu wa kweli. Atazame safu za nyuma, ambako nyuso huyeyuka, mkono mmoja huingia katika bega la jirani, na macho huelekea pande zisizo na mzungumzaji. Ahesabu vichwa katika safu moja: viti ni 12, je, vichwa ni 15? Atazame sakafu ya marumaru, kwani huenda bado inaakisi miguu ya viti vitupu. Na ikiwa ni msikitini, aangalie zulia: programu haijui adabu zetu, na yaweza kuwakalisha watu na viatu juu ya zulia, au kuwachanganya wanawake na wanaume katika safu moja.

Lakini alama hizi zinapungua kila programu inapoboreshwa. Baadhi ya programu, Photoshop ikiwemo, huweza kuambatanisha na faili maelezo yaitwayo Content Credentials yanayoonesha kuwa akili bandia imetumika, ila picha ikipitishwa katika mitandao ya kutumiana ujumbe au ikinakiliwa kutoka kioo cha simu, maelezo hayo kwa kawaida hupotea. Njia iliyo madhubuti ni ya watu wa hadithi, yaani kutafuta isnadi: nani aliipiga, na iko wapi faili ya asili pamoja na picha zilizopigwa kabla na baada yake? Mpiga picha mkweli huwa nazo.

Madhara yanayowafikia wakweli

Mwezi Agosti 2025 msanii wa Marekani Will Smith alitoa video ya matangazo ya ziara yake ikionesha umati wa wapenzi wake. Watazamaji waliona nyuso zilizopinda na vidole visivyo vya kawaida, wakasema umati wote ni wa kubuni. Waliochunguza baadaye walikuta kuwa watu wale walikuwepo kweli katika maonesho yake. Picha zao za kawaida ndizo zilizotiwa mwendo kwa akili bandia, na mwendo huo ukawaharibu sura. Mtu alikuwa na umati wa kweli, akaupoteza kwa kuupamba. Msikiti utakaogunduliwa mara moja kuwa ulijaza ukumbi, siku utakapojaa kweli nani atauamini? Na hesabu zake za sadaka je?

Kinachojuzu, na namna ya kurekebisha

Kuongeza mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, na kuchagua pembe hakuna ubaya, maadamu hakubadilishi habari inayotolewa. Lakini kuwakusanya watu 40 mbele ya kamera kwa makusudi ya kuwaonesha kama 240 ni kinu kile kile bila kompyuta. Inafaa kutumia picha ya mzungumzaji, au ya ukumbi mtupu yenye maandishi "Nafasi 240, karibuni". Akitaka kuonesha jinsi ukumbi utakavyokuwa, achore mchoro ambao hakuna atakayeudhania kuwa ni picha ya tukio. Kuandika "picha ya kubuni" kwa herufi ndogo pembeni hakutoshi, kwa sababu pembe hukatwa picha inaposambazwa. Na kuunda sura za watu kwa kompyuta kuna mjadala wake katika mlango wa taswira, ambao hatukuukusudia hapa.

Aliyekwisha kufanya, aiondoe picha na atangaze ukweli pale pale alipoiweka. Waliolipa kwa kuitegemea, kama yule muuza vitabu, waambiwe idadi ya kweli na wapewe khiyari ya kurudishiwa fedha zao. Tajiri aliyechangia aelezwe naye. Akiridhika, ni sadaka yake, na asiporidhika arudishiwe.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye chakula alipotoa udhuru wa mvua, alimuuliza kwa nini hakuiweka juu sehemu iliyolowa ili watu waione, kisha akajitenga na mwenye kudanganya. Viti vitupu ni ile sehemu iliyolowa. Kuwa vitupu si aibu ya kamati, kama mvua haikuwa kosa la yule muuzaji. Kosa ni kuvifunika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.