"Pwani" na "Mkoa wa Pwani": Eneo la Mazoea na Eneo la Kisheria

Neno "pwani" limetokana na kitenzi "pwa", yaani maji ya bahari kupungua na kurudi nyuma, likaongezewa kiambishi cha mahali "-ni". Kwa asili yake, basi, linataja mahali ambapo bahari hupwa na kujaa. Katika matumizi, maana hiyo imepanuka ikajumuisha ukanda mzima wa mwambao pamoja na watu na desturi zake. Ukanda huo hauna mpaka wa ndani unaokubaliwa na wote. Mzungumzaji anaweza kusema kwamba kijiji fulani ni "pwani hasa", na kingine "kimekaa kipwanipwani". Upwani, kwa maana hiyo, una viwango.

Mkoa wa Pwani nchini Tanzania ni jambo tofauti. Katiba, katika ibara ya 2, inampa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu wa sheria. Eneo lililopatikana kwa njia hiyo halina viwango: kijiji ama kimo mkoani, ama hakimo.

Tofauti hii hudhihirika maeneo yote mawili yanapolinganishwa. Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara ziko pwani, lakini hazimo katika Mkoa wa Pwani. Kibaha, makao makuu ya mkoa huo, iko bara kidogo, mbali na ufuo. Nchini Kenya, Taita na Taveta zilikuwa ndani ya Mkoa wa Pwani ingawa haziambai bahari. Mwaka 2013 kaunti zilichukua nafasi ya mikoa katika utawala wa Kenya, lakini watu hawakuacha kusema "Pwani". Jina la mazoea halikuhitaji sheria ili kuwapo, wala halikufutwa na sheria.

Kwa mtafiti wa lahaja, kuchanganya maana hizi huzaa kosa ambalo ni vigumu kulisahihisha baadaye. Tuseme msamiati wa Kimtang'ata, lahaja ya mwambao wa Tanga, umeandikiwa "Pwani" tu katika daftari la data. Msomaji anayelichukua neno hilo kuwa jina la mkoa atauhamishia kusini, kwenye mkoa usiokuwa wake. Kinyume chake, data ya mkazi wa Chalinze, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kikwere, itaingizwa katika Kiswahili cha mwambao kwa sababu tu wilaya yake imo mkoani.

Herufi kubwa peke yake haitoshi kuondoa utata huo, kwa kuwa waandishi wengi huitumia kwa maana zote mbili, nayo haisikiki katika mazungumzo yaliyorekodiwa. Lililo salama ni kuandika kijiji, wilaya na mwaka wa kukusanya data, kisha kulihifadhi neno "pwani" kama alivyolitumia msemaji mwenyewe. Mipaka ya mikoa hubadilika. Kijiji kilichotajwa kwa jina kinaweza kutafutwa tena.